Ahadi ya Kuuza Shamba: Amri za Mahakama Pale Fedha Inaposhindwa, kwa Mifano ya Shinyanga na Geita

Mkataba wa kuuza ardhi ukivunjwa, jibu la kwanza la sheria ni fedha. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeumizwa haki ya kulipwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, au hasara ambayo pande zote mbili ziliijua tangu mwanzo kuwa ingeweza kutokea. Katika biashara nyingi hilo linatosha. Aliyeahidiwa magunia 100 ya mpunga Kahama na asiyapate atanunua magunia mengine sokoni, kisha atamdai muuzaji tofauti ya bei. Mpunga ni mpunga, na aliyelipwa tofauti hiyo amekwisha kuwekwa pale alipostahili kuwa.

Shamba haliko hivyo. Hakuna shamba la pili lililo mahali pale pale, lenye kisima kile kile na umbali ule ule kutoka barabarani. Ndiyo sababu mahakama zilizorithi sheria ya Uingereza zimezoea kuichukua ardhi kuwa kitu ambacho fedha haiwezi kukaa mahali pake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mazoea hayo hayana nguvu ileile kila mahali. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitilia shaka wazo kwamba kila kiwanja ni cha pekee, kwa kuwa nyumba nyingi za mijini hujengwa kwa ramani moja na hununuliwa kama bidhaa nyingine. India ilikwenda upande wa pili mwaka 2018, ikaipunguzia mahakama uhuru wa kukataa kulazimisha mikataba itekelezwe. Tanzania Bara imebaki na mkabala wa zamani: amri ya kutekeleza hutolewa kwa busara ya mahakama, na anayeiomba hana haki ya kuipata kila anapoiomba. Nguvu hiyo inatokana na Sheria ya Matumizi ya Sheria na Mamlaka ya Mahakama, Sura ya 358, inayoiruhusu Mahakama Kuu kutumia sheria ya mazoea ya Uingereza na kanuni zake za usawa kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920.

Amri zinazohusika ni mbili, nazo hufanya kazi pamoja. Ya kwanza ni utekelezaji mahususi: mahakama humwamuru muuzaji atimize hasa kile alichoahidi, yaani asaini hati za uhamisho na kukabidhi ardhi. Ya pili ni zuio: mahakama humkataza kufanya jambo litakaloifanya ahadi hiyo isiweze kutimizwa tena, kama kumuuzia mtu mwingine au kuiharibu ardhi yenyewe. Katika wilaya zisizo na madini zuio huonekana kama msaidizi tu wa utekelezaji. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Mwakitolyo na Kakola hadi Nyarugusu na Rwamagasa, zuio ndilo huamua kesi, kwa sababu shamba laweza kugeuka mashimo matupu kabla shahidi wa kwanza hajasimama kizimbani.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila kila hatua yake hutokea katika ukanda huo. Mkulima wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Geita anakubali kumuuzia mwenzake shamba la ekari 4 kwa shilingi milioni 24. Mnunuzi analipa milioni 16 na kuahidi kumalizia milioni 8 siku ya makabidhiano. Wanaandikiana karatasi mbele ya mashahidi. Miezi mitatu baadaye habari zinaenea kwamba shamba la jirani limetoa dhahabu. Rashi inaanza. Mfanyabiashara kutoka Katoro anamwahidi muuzaji milioni 60, na vijana wenye sururu na mashine za kuvuta maji wanaomba ruhusa ya kufungua maduara. Muuzaji anataka kurudisha milioni 16 na kuachana na yule wa kwanza.

Kwa hesabu ya fedha peke yake, mnunuzi atarudishiwa milioni 16 alizotoa, kisha atalipwa tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko ya siku mkataba ulipovunjwa. Ikiwa siku hiyo ekari za jirani zilikuwa zinauzwa kwa milioni 10 kila moja, shamba lilikuwa na thamani ya milioni 40, na tofauti ni milioni 16. Jumla ni milioni 32. Inaonekana fedha nzuri, lakini hukumu huja baada ya miaka miwili au mitatu, na kwa kawaida hesabu huishia siku ya uvunjaji. Kama ekari imefika milioni 15 siku hukumu inaposomwa, milioni 32 hazinunui hata ekari mbili na nusu.

Ugumu wa pili ni wa ukanda huu hasa. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya 2010, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Muuzaji wa shamba hakuuza dhahabu, na mnunuzi hawezi kudai fidia kwa dhahabu ambayo haikuwa yake. Hata hivyo bei ya shamba hupanda kwa sababu ya dhahabu hiyo hiyo, kwa kuwa mwenye shamba ndiye anayeombwa ruhusa ya kuingia, na kwa desturi ya machimbo ndiye anayepewa mgawo wa mifuko ya mawe inayotoka katika duara. Pale uchimbaji unapofanyika bila leseni, mahakama haiwezi kukaa ikigawa faida za mgawo huo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile mnunuzi anachopoteza haipimiki, au inapimika lakini hailipiki kisheria. Hii ni hoja nzito kuliko ile ya jumla kwamba kila ardhi ni ya pekee. Inashangaza kwamba maombi mengi hayaitaji.

Kabla ya amri yoyote, mahakama huuliza kama kuna mkataba unaoweza kulazimishwa. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kinataka mkataba wa uhamisho uwe wa maandishi, au masharti yake yawe katika kumbukumbu ya maandishi, na uwe umesainiwa na yule anayelazimishwa. Karatasi ya daftari yenye majina, mipaka, bei na sahihi inaweza kutosha. Isipolipiwa ushuru wa stempu haipokelewi kuwa ushahidi, ingawa kasoro hiyo hurekebishwa kwa kulipa ushuru pamoja na adhabu yake. Aliyenunua kwa mdomo tu, hata mbele ya mashahidi kumi, atabaki zaidi na dai la kurudishiwa fedha.

Shamba la mfano huu liko katika ardhi ya kijiji, na hapo ndipo kesi nyingi huanguka. Uhamisho wa haki ya kimila kwa njia ya mauzo huhitaji idhini ya halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Hata kabla ya sheria hiyo ya 1999, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo hayana nguvu. Wanunuzi wengi huamini wamekamilisha sharti hili kwa kuwa karatasi yao ina mhuri wa mtendaji wa kijiji au sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji, na pengine wameshalipa ada ya mhuri. Mhuri wa mtendaji unaonyesha kwamba mtendaji aliiona karatasi. Uamuzi wa halmashauri huonekana katika muhtasari wa kikao wenye tarehe, majina ya waliohudhuria na azimio. Wakili mwangalifu huomba nakala ya muhtasari huo kabla ya kuandika neno lolote la madai.

Kama idhini haijaombwa bado, mlango haujafungwa kabisa. Mahakama inaweza kumwamuru muuzaji afanye yaliyo ndani ya uwezo wake, yaani apeleke ombi la idhini na asaini yanayotakiwa, lakini haiwezi kuiamulia halmashauri ikubali. Halmashauri ikikataa kwa sababu za kweli, mkataba unaishia hapo na mnunuzi anarudishiwa fedha zake. Kwa viwanja vilivyopimwa vya Kahama, Katoro au mjini Geita, utaratibu ni mwingine: taarifa na maombi hupelekwa kwa Kamishna wa Ardhi kwa fomu namba 29 na 30, hati ya uhamisho ni fomu namba 35, na haki haihami hadi isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Huko mnunuzi pia ana silaha ambayo mwenzake wa kijijini hana. Anaweza kuweka tahadhari katika daftari la usajili, na yeyote atakayekuja kununua baadaye atakuta imeandikwa.

Kuna sharti jingine linaloangusha mauzo katika familia za Usukumani kama kwingineko. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama ekari zile 4 zina mji ndani yake, na mke hakusaini wala hakuitwa, mahakama haitamlazimisha mume akabidhi makazi ya mtu ambaye hakuahidi chochote. Jaji akiona dalili kwamba mke amejitokeza baada ya bei kupanda tu, atalipima hilo kwa ushahidi. Hata hivyo mzigo wa kuthibitisha ridhaa humwelemea zaidi mnunuzi ambaye hakuiandika.

Mnunuzi naye hukaguliwa. Anayeomba utekelezaji mahususi lazima awe ametimiza upande wake, au awe tayari na mwenye uwezo wa kuutimiza. Ushahidi mzuri kuliko wote ni fedha zenyewe. Katika mfano huu mnunuzi huandika barua ya kudai makabidhiano, akataja siku, akaonyesha kwamba milioni 8 ziko benki, na baadaye anaweza kuomba kuziweka mahakamani. Aliyekaa mwaka mzima bila kulipa salio, kisha akakumbuka mkataba aliposikia habari za dhahabu, atakuta busara ya mahakama imemgeuka. Vivyo hivyo kwa mnunuzi aliyejua kuna dhahabu na kumwambia muuzaji uongo ili apate bei ya chini. Kunyamaza peke yake kwa kawaida si udanganyifu. Uongo ni jambo lingine.

Mara nyingi karatasi za mauzo husema kwamba atakayevunja mkataba atamlipa mwenzake maradufu. Wauzaji hulichukua sharti hilo kama tiketi ya kujitoa: wanarudisha milioni 32 na kuondoka. Sivyo. Kiasi kilichotajwa kuwa adhabu hakiondoi haki ya kuomba utekelezaji, isipokuwa maneno ya mkataba yanaonyesha wazi kwamba pande zote zilikubaliana muuzaji awe na hiari ya kuchagua kati ya kuuza na kulipa. Na hata mahakama ikiamua kutoa fedha, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba huifanya adhabu hiyo kuwa kikomo cha juu cha fidia ya haki, na si kiasi kinacholipwa bila kuulizwa.

Hayo yote huamuliwa mwishoni mwa kesi, wakati maduara hufunguliwa leo. Kwa hiyo ombi la zuio la muda ndilo hutangulia. Kanuni zake ziliwekwa na Jaji Mkuu Georges mwaka 1969 katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, na hadi leo hakuna ombi la namna hii linalosikilizwa Tanzania Bara bila kutajwa. Mwombaji aonyeshe kwamba kuna jambo zito la kuamuliwa na uwezekano wa yeye kushinda. Kwamba bila mahakama kuingilia kati atapata madhara yasiyorekebishika kabla haki yake haijathibitishwa. Na kwamba, mizani ikipimwa, taabu atakayopata akinyimwa zuio ni kubwa kuliko taabu ya mwenzake likitolewa. Masharti hayo matatu lazima yatimie yote.

La pili ndilo huwashinda wengi, na mara nyingi huwa wamejiangusha wenyewe. Hati ya kiapo inayosema kwamba mwombaji “atapata hasara ya shilingi milioni 40” imemjibu jaji kabla hajauliza, kwa kuwa hasara iliyokwisha kutajwa kiasi ni hasara inayolipika. Kiapo kinachofaa huanza na ardhi yenyewe. Kinaeleza kwamba maduara mawili yamechimbwa upande wa kaskazini tangu tarehe fulani, kwamba udongo wa juu umefukiwa chini ya vifusi, na kwamba miti ya shamba imekatwa kuwa matimba ya kushikilia kuta za mashimo. Kinaongeza kwamba mwalo wa kuosha mchanga umewekwa kando ya kijito na zebaki inatumika pale. Picha zenye tarehe huambatishwa. Kisha kinaeleza kwamba muuzaji hana mali nyingine inayojulikana, ili mahakama ione kwamba hata hukumu ya fedha isingekuwa na pa kushika.

Zuio likitolewa chini ya Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, halidumu hadi mwisho wa kesi. Hudumu kwa muda utakaotajwa usiozidi miezi sita, na laweza kuongezwa ilimradi jumla isizidi mwaka mmoja, nayo huongezwa kwa mwombaji anayeonyesha kwamba hajazembea kuiendesha kesi yake. Kwa kawaida upande wa pili huitwa kwanza, lakini pale taarifa yenyewe ingeliua ombi mahakama yaweza kutoa zuio la dharura kwa kumsikiliza mwombaji peke yake. Anayelivunja huweza kukamatiwa mali au kuwekwa gereza la madai kwa muda usiozidi miezi sita.

Njia ya kufika hapo ina vizingiti viwili vinavyokula siku. Mgogoro wa ardhi wenye thamani kama hii huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo halisikilizi shauri mpaka baraza la kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Kizingiti cha pili ni kirefu zaidi. Kama halmashauri ya kijiji nayo inalaumiwa, kwa mfano imefuta idhini yake na kumpa mfanyabiashara wa Katoro, basi kuiunganisha kunaleta Sheria ya Mashauri ya Serikali. Tangu marekebisho ya 2020 mamlaka za serikali za mitaa zinahesabiwa kuwa Serikali kwa ajili ya sheria hiyo: notisi ya siku 90 hutangulia, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Juu ya hayo, sheria hiyo haiiruhusu mahakama kutoa zuio wala utekelezaji mahususi dhidi ya Serikali. Kinachopatikana ni tamko la haki.

Siku 90 ni nyingi mno mbele ya rashi. Mawakili wameziba pengo hilo kwa kile kinachoitwa zuio la Mareva, jina lililotoka katika kesi ya meli ya Uingereza ya mwaka 1975. Kule lilihusu kuzuia mali ya mdaiwa isihamishwe. Tanzania limekua na kuwa ombi linalopelekwa Mahakama Kuu kabla kesi haijaweza kufunguliwa kwa sababu ya kizuizi cha kisheria kama notisi, likitegemea Sura ya 358 iliyotajwa juu, ili hali ya ardhi ibaki ilivyo mpaka kizuizi kiishe. Ni ubunifu wa mahakama, na wapo wanaoukosoa kwamba hauna mashina ya kutosha katika sheria iliyoandikwa. Bila huo, hata hivyo, siku 90 zingetosha kulimaliza shamba.

Zuio lina ukomo mmoja ambao mnunuzi huugundua akiwa amechelewa. Humfunga yule aliyetajwa na wale wanaofanya kazi kwa niaba yake. Kama Tume ya Madini imekwisha kumpa mtu wa tatu leseni ya uchimbaji mdogo juu ya eneo hilo, haki ya mtu huyo haikutoka kwa muuzaji, na amri dhidi ya muuzaji haimgusi. Uhusiano wa mwenye leseni na mwenye shamba una kanuni zake za ridhaa na fidia chini ya Sheria ya Madini, na mnunuzi atazidai kama mmiliki mtarajiwa. Hatua ya kwanza basi ni kuulizia ofisi ya madini ya mkoa kama kuna leseni, na kumuunganisha mwenye nayo tangu mwanzo.

Mfanyabiashara wa Katoro naye ni mtu wa tatu, lakini wa namna nyingine. Kama amelipa milioni 60 akijua kuna mnunuzi wa kwanza, ununuzi wake hauna kinga, na mahakama yaweza kumwamuru aiachie ardhi. Kama alinunua kwa nia njema bila kujua, na uhamisho wake umekamilika kwa idhini ya kijiji, utekelezaji mahususi umekufa, na mnunuzi wa kwanza anarudi kwenye hesabu ya milioni 32. Kujua si lazima kuwe kwa kuambiwa. Aliyekuta mahindi ya mtu mwingine shambani na asiulize yamepandwa na nani atahesabiwa kuwa alijua. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa kwanza aliyekwisha kuingia shambani, hata kwa kupanda miche tu, amejiwekea ulinzi ambao karatasi peke yake haitoi.

Mahakama ikikubali, tuzo huandikwa kwa vipimo: mnunuzi aweke milioni 8 katika siku zilizotajwa, na muuzaji ndani ya siku zilizotajwa asaini hati za uhamisho na kuondoka. Muuzaji akigoma, sheria ya kukazia hukumu inaruhusu hati iandaliwe na kusainiwa na mahakama kwa niaba yake, nayo huwa na nguvu kama sahihi yake mwenyewe. Dalali wa mahakama humwingiza mnunuzi shambani. Kwa hasara ambayo amri haiwezi kuifuta, kama sehemu iliyokwisha kuchimbwa, fidia yaweza kutolewa juu ya utekelezaji, au kukatwa katika salio la milioni 8. Hati ya madai iliyoandikwa vizuri huomba fidia hiyo tangu siku ya kwanza, pamoja na fidia mbadala endapo utekelezaji utakataliwa, kwa sababu mahakama haitoi kile ambacho hakikuombwa.

Muda nao unahesabiwa. Dai linalotokana na mkataba lina miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, na dai la kurudishiwa ardhi lina miaka 12. Mnunuzi ambaye hajahamishiwa haki bado anadai mkataba, kwa hiyo ni salama zaidi kwake kuhesabu miaka 6, akianzia siku muuzaji alipokataa.